Mafundo Mawili Katika Kanga ya Mama Upendo

Siku ya Ijumaa mwezi wa Juni, saa tisa alasiri, tulimkuta Mama Upendo amesimama mbele ya matenga ya kuku pale Ipogolo, mkono mmoja umeshika pindo la kanga yake. Pindo lile lilikuwa na mafundo mawili. Fundo la kwanza lilikuwa na shilingi 40,000 za sherehe ya binti yake, aliyekuwa anatimiza miaka saba kesho yake. Fundo la pili lilikuwa na shilingi 25,000 za sweta ya shule ya mtoto huyo huyo. Msomaji aliyewahi kuishi Iringa anajua baridi ya Juni na Julai ilivyo, hasa asubuhi watoto wanapokwenda shule. Fedha ya sweta haikuwa ya kuchezewa.

Hata hivyo vidole vya Mama Upendo vilikuwa tayari juu ya fundo la pili.

Tumwite hivyo, Mama Upendo, na rafiki yake tumwite Mama Atu, kwa maana wenyewe waliomba majina yao halisi yasitajwe. Ni majirani, wanaimba kwaya moja, na Mama Atu amepikia wageni wa kanisa kwa miaka mingi. Walitukubalia sisi wawili tufuatane nao sokoni siku ile, tukiwa na daftari letu, ili tuwaeleze akina mama wenzetu jinsi karamu ya watu kumi na sita inavyoweza kutoka katika shilingi 40,000 bila kukopa na bila kugusa fedha iliyowekwa kwa kazi nyingine.

Sahani kwanza, soko baadaye

Kabla hatujatoka nyumbani, Mama Atu alikataa kabisa kuzungumzia chakula. "Mwenzangu," alisema, "tusianze na pilau. Tuanze na midomo. Wanakuja wangapi?"

Walihesabu kwa vidole. Watoto tisa, pamoja na mwenye siku. Watu wazima saba: baba na mama wa nyumba, mama mkwe atakayeteremka kutoka Kilolo, Mama Atu na mumewe, na sisi waandishi wawili. Jumla kumi na sita.

Ndipo Mama Atu akatoa kipimo chake cha kwaya. Kilo moja ya mchele ikipikwa pilau hushibisha watu wazima sita au saba, au watoto wapatao kumi. Basi kilo moja kwa wakubwa, kilo moja kwa wadogo, jumla kilo mbili. Nyama hakuihesabu kwa kilo, bali kwa vipande: kila sahani vipande viwili, yaani vipande thelathini na viwili, na vichache vya ziada kwa ajili ya wazee. Nyama yenye mifupa ikikatwa vipande vya ukubwa wa kiberiti, kilo moja na nusu hutoa vipande kama thelathini na sita.

Tulikumbuka yule mjenzi wa mnara katika Injili ya Luka sura ya 14, aliyetakiwa kuketi kwanza na kuhesabu gharama. Mama Upendo alicheka, akasema yeye miaka yote huanza kujenga, ndipo akahesabu. Mwaka uliopita alinunua mchele kilo nne kwa watu kumi na wawili. Pilau ililala, ikachacha, na nyama ikawa haikutosha.

Mzunguko wa kwanza: kuuliza bila kununua

Ipogolo iko chini ya mlima wa mji wa Iringa, pale barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya inapopita karibu na Mto Ruaha Mdogo. Barabara ya Kilolo nayo inaanzia huko. Kwa sababu hiyo viazi, kabichi na karoti za Kilolo hupita hapo kabla ya kupanda mjini. Nyanya na vitunguu huletwa kutoka Ilula, na mchele hutoka Pawaga. Mama Upendo alitaka twende Soko Kuu la mjini, lakini Mama Atu alimwonyesha kwamba nauli ya wawili kwenda na kurudi ingemeza bei ya kabichi na karoti zote.

Basi tukazunguka meza zote mara moja bila kununua hata pilipili moja. Kila bei tuliiandika. Wauzaji wengine walinung'unika, lakini Mama Atu aliwasalimia wote, "Kamwene, mama," akauliza habari za nyumbani, ndipo akauliza bei. Mtu aliyesalimiwa vizuri hakasiriki ukimwambia utarudi.

Mzunguko huo ndio uliotufikisha kwenye matenga ya kuku. Mwenye kuku alikuwa na jogoo mzuri mwekundu wa kienyeji, bei yake shilingi 22,000. Mama Upendo alisimama.

"Dada, mama mkwe anakuja," alisema kwa sauti ya chini. "Mara ya mwisho alikula maharage nyumbani kwangu. Safari hii nisipomchinjia kuku atasema mwanawe ameoa umaskini."

Mama Atu hakumcheka. Alimwambia, "Kumheshimu ni vizuri. Lakini huyu jogoo akinyonyolewa na kutolewa utumbo hubaki kilo moja na kidogo. Ana mapaja mawili, na watoto ni tisa. Utamkata vipande kumi na viwili, na watu ni kumi na sita. Nani atakosa? Wewe na mwanao mwenye siku, kwa sababu ndivyo tulivyo akina mama. Na fedha itakayobaki ni 18,000. Haifiki mwisho wa orodha. Hapo ndipo utakapofungua fundo la pili."

Mama Upendo alinyamaza kwa muda. Kisha akaachia pindo la kanga. Tuliona macho yake yamelowa, nasi tukajifanya tunaangalia viazi. Hakuna mama asiyejua uzito wa jicho la mama mkwe.

Sado ya mchele

Meza ya kwanza ya mchele ilikuwa na kibao: sado moja shilingi 8,000. Sado, kama wengi wenu mnavyojua, ni kopo la rangi la lita nne, na watu hulihesabu kuwa kilo tatu za mchele au zaidi kidogo. Meza ya pili ilikuwa na mizani, kilo moja shilingi 2,800. Kwa hesabu ya haraka, sado ilikuwa nafuu: 8,000 kwa kilo tatu ni chini ya 2,700 kwa kilo.

Mama Atu aliomba kuishika ile sado tupu. Alipitisha kiganja ndani, akagonga chini kwa kidole. Kitako kilikuwa kimegongwa kikaingia ndani kama bakuli lililopinduliwa. Huwezi kuona jambo hilo kopo likiwa limejaa, maana juu mchele unafurika vizuri na macho yako yako juu. Aliomba kwa upole mchele wa sado moja upimwe kwenye mizani ya jirani. Mshale ulisimama kwenye kilo mbili na robo tatu. Kumbe kilo moja ya mchele ule ilikuwa inauzwa zaidi ya 2,900, ghali kuliko mezani kwa jirani.

Mizani nayo hutazamwa. Kwanza, ikiwa tupu, mshale lazima usimame kwenye sifuri. Pili, bakuli lake lisiwe limebandikwa kitu chini. Tatu, tafuta alama ya Wakala wa Vipimo, ambao hukagua mizani za biashara kila mwaka. Mizani ile ilikuwa sawa, na tukanunua kilo mbili kwa 5,600.

Mama Atu aliuliza pia swali moja ambalo hatukulitarajia: "Huu mchele ni wa mwaka huu?" Muuzaji alisema ndiyo, umevunwa juzi tu. Mchele mpya una maji bado ndani yake, nao hunywa supu kidogo. Ukiupikia kwa kipimo cha mchele wa zamani, vikombe viwili vya supu kwa kikombe kimoja cha mchele, pilau itakuwa bokoboko. Mchele mpya upewe kikombe kimoja na nusu, kisha ukiona umekauka na kiini bado kigumu, nyunyizia maji ya moto kidogo kidogo.

Mafungu ya nyanya na kilo ya vitunguu

Nyanya huuzwa kwa mafungu, na mafungu hayana mizani. Hapo jicho ndilo kipimo. Muuzaji hupanga nyanya nzuri juu na pembeni, na zilizopondeka huzikalisha katikati. Dawa yake ni kuomba fungu limiminwe kwenye mfuko wako polepole, mbele ya macho yako. Tulinunua mafungu mawili ya shilingi 500. Moja lilikuwa la nyanya ngumu za kachumbari. La pili lilikuwa la nyanya zilizoiva mno, laini, kwa ajili ya kukaangia, nazo muuzaji aliongeza mbili kwa kuwa zisingefika kesho yake. Nyanya laini si mbovu. Mbovu ni ile yenye ukungu, au inayotoa harufu ya kuchacha. Hiyo usikate upande ukapikia upande, itupe.

Vitunguu tulipima kilo moja kwa 2,000. Pilau inahitaji vitunguu vingi, kwa maana rangi yake ya kahawia hutoka kwenye vitunguu vilivyokaangwa vikakolea, wala haitoki kwenye viungo. Mama mwenye fedha kidogo asipunguze vitunguu akaongeza viungo. Pilau itakuwa nyeupe na chungu.

Viazi mviringo vya Kilolo tulichukua mafungu mawili, 2,000. Viazi vinne vitano vikikatwa vikubwa na kupikwa ndani ya pilau, kila sahani inajaa bila kuongeza mchele. Kabichi moja 1,000, karoti na pilipili hoho 1,000, na tangawizi, kitunguu saumu na viungo vya pilau 1,500.

Keki bila jiko la umeme

Upendo alikuwa ameomba kitu kimoja tu: keki. Keki ndogo kabisa katika duka la mikate ilikuwa shilingi 25,000, bei ile ile ya sweta. Rafiki hawa walitazamana, wakaenda kununua unga.

Walichonunua ni hiki: unga wa ngano nusu kilo 1,000, mayai manne 1,400, sukari nusu kilo 1,500, beking pauda pakiti ndogo 500, na maziwa lita moja 1,500. Mafuta ya kula nusu lita yaliwagharimu 3,000, nusu yake ya pilau na nusu ya keki. Mafuta hufanya kazi ya siagi vizuri, na keki hukaa laini hata kesho yake.

Jumamosi asubuhi tulimwona Mama Atu akiipika. Alipiga mayai manne na robo kilo ya sukari mpaka yakawa meupe na mazito, akatia mafuta kikombe kimoja kisichojaa, kisha unga aliochanganya na vijiko viwili vya chai vya beking pauda, na maziwa kikombe kimoja. Alituambia kwamba pakiti nyingi husema vijiko vitatu, lakini Iringa iko juu, zaidi ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, na huku keki huumuka upesi kisha ikaanguka katikati. Kwa hiyo yeye hupunguza.

Katika sufuria kubwa alitandaza mchanga mkavu, unene wa vidole viwili, akaipasha moto kwa dakika kumi. Ndani yake akaweka sufuria ndogo yenye mchanganyiko, akafunika, na juu ya mfuniko akapanga makaa. Siri iko hapa: moto mwingi uwe juu, chini ubaki makaa machache. Anayezidisha moto wa chini hupata keki iliyoungua kitako na mbichi katikati. Kwa nusu saa ya kwanza mfuniko haufunuliwi. Baada ya dakika arobaini na tano alichoma njiti katikati, ikatoka kavu. Keki ilikuwa tayari.

Nyama hununuliwa siku yenyewe

Nyama hatukuinunua Ijumaa. Nyumba haina friji, na hata baridi ya Juni haiaminiki kwa nyama. Jumamosi saa moja asubuhi tulikuwa buchani. Nyama tupu ilikuwa 11,000 kwa kilo, ya mchanganyiko yenye mifupa 9,000. Kwa pilau ile ya mifupa ndiyo bora, kwa sababu mchele hupata ladha kutoka kwenye supu. Mama Atu alitazama kwanza muhuri wa mkaguzi kwenye paja lililoning'inia, akanusa, akabonyeza kwa kidole na kuona nyama inarudi mahali pake. Kilo moja na nusu, 13,500. Alisimama pale mpaka ikakatwa, ili mifupa isizidi na vipande viwe sawa.

Nyama ilibandikwa saa mbili, ingawa chakula kilikuwa cha saa nane. Kwa ajili ya mwinuko huo huo, maji ya Iringa huchemka kabla hayajafika nyuzi 100, na nyama yenye mifupa huchukua muda mrefu kulainika. Mama wengi huona nyama ngumu wakadhani wameuziwa ng'ombe mzee, kumbe ni haraka yao wenyewe.

Hesabu ilivyofungwa

Kinywaji kilikuwa ubuyu wa 1,000, ulioloweshwa, ukachujwa na kutiwa robo kilo ya sukari iliyobaki. Mkaa ulikuwa 2,000. Tulijumlisha daftari letu:

Mchele 5,600
Nyama 13,500
Viazi 2,000
Vitunguu 2,000
Nyanya 1,000
Karoti na hoho 1,000
Kabichi 1,000
Viungo 1,500
Mafuta 3,000
Unga, mayai, sukari na beking pauda 4,400
Maziwa 1,500
Ubuyu 1,000
Mkaa 2,000

Jumla ilikuwa 39,500. Mia tano iliyobaki ilinunua mshumaa mmoja mweupe wa kawaida, ukasimama katikati ya keki.

Bei hizi ni za siku zile mbili, na wewe utakuta nyingine sokoni kwako. Lakini utaratibu wake haubadiliki: hesabu sahani, zunguka kwanza bila kununua, geuza kila kopo na fungu kuwa kilo, na mwishowe nunua nyama.

Mama mkwe alifika

Saa sita mchana basi dogo la Kilolo lilisimama, na mama mkwe akashuka na kikapu. Mama Upendo alimkimbilia, akapiga goti na kumpokea mzigo. Kikapu kilitikisika. Ndani mlikuwa na kuku jike mweusi, amefungwa miguu kwa kamba ya mgomba.

"Huyu si wa kuchinja leo, mwanangu," mzee alisema. "Ni wa mjukuu wangu. Amtunze, atage."

Mama Upendo alimtazama Mama Atu, naye Mama Atu akaziba mdomo kwa kanga.

Sahani ya mama mkwe ilipewa vipande vinne vya nyama, na chai yake iliungwa kwa maziwa yaliyobaki kwenye keki. Alikula taratibu, akaomba ukoko wa pilau, akauliza ni nani aliyepika keki bila jiko la umeme. Habari ya umaskini hatukuisikia.

Watoto walipokwisha kula, Upendo alizima mshumaa wake, wakaomba na kuimba. Jumatatu iliyofuata tulipita Ipogolo tukirudi kazini. Mbele ya duka la sare tulimwona Mama Upendo anafungua kwa meno fundo la pili la kanga yake, na binti yake kando anaingiza mikono katika sweta ya buluu, saizi moja kubwa zaidi, ili imfae na mwakani.